Mkojo mmoja, kreatinini tatu: 28, 7 na 21

Wiki ile joto la Dar lilikuwa limepamba moto, feni inazunguka tu inasukuma hewa ya moto, daktari mmoja akanipigia simu. Sauti yake tu nikajua hapa kuna kesi. "Kaka, mkojo wa huyu kijana nimeugawa mara mbili, nusu nimepeleka maabara nyingine, nusu kwenu. Wao wamenipa kreatinini 28, nyie mmenipa 7. Nimwamini nani?"

Nikamwambia dokta nipe saa moja, usimwamini yeyote kwanza. Na hapo ndo nilipogundua kuwa wote wawili tumekosea, kila mtu kwa njia yake.

Kijana mwenyewe ana miaka 19, kisukari cha aina ya kwanza, alikuwa ameacha insulini siku kadhaa, anakojoa kila nusu saa. Mkojo wake mweupe kama maji ya bomba, stripu ya glukosi imegoma juu kabisa, ketoni plasi tatu. Daktari alitaka kugawanya albumini, protini ya damu, kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, ili aone kama figo zimeanza kuvujisha. Albumini ilikuwa 7.5 mg/L, maabara zote mbili zimekubaliana. Sasa piga hesabu: kwa 28 mg/dL unapata kama 27 mg/g, yaani chini ya mstari wa 30, kijana yuko salama. Kwa 7 unapita 100. Mkojo ule ule, kikombe kile kile, majibu mbingu na ardhi.

Tuanze na rangi yenyewe maana bila hiyo haueleweki huu mkanganyiko. Max Jaffe mwaka 1886 aliona kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki kwenye mazingira ya alkali, ile njano inageuka kuwa rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Mwaka 1904 Otto Folin akaitumia kupimia kiasi, na mpaka leo maabara kibao za mtaani tunatumia kemia hiyohiyo. Riajenti ni chupa mbili, moja ya pikriki, moja ya sodiamu haidroksaidi, unachanganya, unaweka sampuli, unasoma kwenye nanomita 505 hivi, sehemu ambayo njano ya pikreti, yaani hiyo pikriki ikishaingia kwenye alkali, imefifia. (Chupa ya pikriki ukiona fuwele zimekauka kwenye kifuniko usizungushe kwa nguvu, ikikauka ile ni baruti. Ita mkubwa wako.)

Tatizo la pikreti haina ubaguzi. Inashikana na kreatinini sawa, lakini inashikana pia na asetoasetati, ambayo ni moja ya ketoni za mgonjwa wa sukari, inashikana na protini, na glukosi nayo kwenye alkali inaipunguza pikreti taratibu inageuka kitu chenye wekundu wake. Kuna na dawa, sefoksitini kwa mfano inapandisha majibu vizuri sana, so mgonjwa akiwa kwenye dripu ya hiyo uliza kwanza alichomwa saa ngapi. Bilirubini yenyewe inashusha, maana inapooza rangi palepale unaposoma, kwa hiyo mkojo wa mtu mwenye manjano nao uangalie kwa jicho la pili.

Kinachotuokoa ni kwamba hawa jamaa hawana spidi moja. Asetoasetati ni mwenye haraka, sekunde 20 za kwanza kazi yake kubwa imekwisha. Protini na glukosi ni wazembe, wanaanza kuonekana baadaye, dakika zinavyozidi kwenda. Kreatinini iko katikati. Ndo maana kwenye njia ya kinetiki hatusomi rangi mara moja, tunasoma mara mbili, mfano sekunde ya 30 na ya 90, halafu tunachukua tofauti. Rangi ya ketoni tayari imo kwenye usomaji wa kwanza, ukitoa inajifuta. Rangi ya glukosi bado haijaamka. Kinachobaki sehemu kubwa ni kreatinini.

Sasa ile maabara nyingine, nikampigia mwenzangu wa pale tunafahamiana, akasema mashine yao ilikuwa imekufa wakafanya kwa mkono, wakachanganya, wakasubiri dakika 10, wakasoma mara moja. Basi hapo umeshamhesabia ketoni yote ya mwanzoni, na glukosi umeipa dakika 10 nzima ifanye kazi kwenye chumba kina joto ambalo linaiongezea kasi. Ndo 28 hiyo. Kwa mkojo wa kawaida wala wasingegundua, na hapa ndo penye utamu. Mkojo wa asubuhi wa mtu wa kawaida unaweza kuwa na kreatinini 100 na zaidi, ukiongezewa uongo wa 6 au 7 hauonekani. Lakini huyu kijana anakojoa malita, kreatinini yake imezimuliwa ikabaki ishirini na kitu, uongo uleule unakuwa theluthi ya ukweli. Kwenye mkojo ogopa mkojo mweupe, huo mzito unajitetea wenyewe.

Na sisi je, 7 tuliitoa wapi wakati tulitumia kinetiki? Aibu yetu sasa. Kwenye damu, protini zinaongezea kreatinini uongo kidogo ambao haubadiliki sana mtu kwa mtu, so kwenye programu ya seramu, yaani maji ya damu, tumewekea mashine itoe 0.3 mg/dL kila jibu. Dogo wa zamu alipima mkojo kwenye programu ileile ya seramu. Alizimua 1:50, mikrolita 20 za mkojo kwenye 980 za maji, mashine ikaona kama 0.45, ikatoa 0.3 ikabaki 0.15, dogo akazidisha kwa 50 akapata 7 na kitu. Ile 0.3 ya protini za damu imezidishwa mara 50 ikawa 15, imekula theluthi mbili ya jibu. Mkojo hauna protini za kiasi kile na umeshauzimua mara 50, hakuna cha kutoa hapo. Mkojo una programu yake, basi. Sikumfokea maana programu niliiset mimi na sikumwambia.

Hili kosa la pili unaweza kulinasa kirahisi. Zimua mkojo mara mbili tofauti, 1:10 na 1:50. Kwenye programu ya seramu huyu kijana alitoka 19 kwa 1:10 na 7 kwa 1:50, hazipatani kabisa, hapo jua kuna namba inatolewa au inaongezwa kabla ya kuzidisha. Lakini angalia, mtihani huu hauoni ketoni. Ketoni inazimuliwa sambamba na kreatinini, ukizidisha inarudi vilevile, namba zitapatana huku zote ni za uongo. Hata ukiongezea standadi kwenye mkojo uone kama inarudi yote, itarudi, na uongo bado umekaa palepale. Nimeona watu wanafanya hivi vitu viwili halafu wanasaini kwa amani.

Cha kunasa ketoni ni muda. Nilifanya hivi: nikazimua 1:10 (mikrolita 100 kwa 900), nikaacha riajenti na sampuli vyote vifike joto la mashine, nyuzi 37, maana ukitoa mkojo kwenye friji ukapima palepale reaksheni inachelewa na dirisha lako lote linahama. Halafu badala ya kusoma mara mbili nikasoma mara tatu, sekunde ya 30, ya 60 na ya 90, standadi ya 2 mg/dL kwanza, mkojo baadaye.

```
             30s     60s     90s    30-60   60-90
standadi 2  0.212   0.248   0.278   0.036   0.030
mkojo 1:10  0.241   0.283   0.315   0.042   0.032
```

Standadi ni kreatinini tupu, hatua ya kwanza ukigawa kwa ya pili unapata 1.2. Hiyo ndo mwendo wake, iwe nyingi iwe kidogo, mradi haijapita kiwango cha riajenti. Mkojo wetu umetoa 1.31, kwa hiyo hatua ya kwanza imevimba, kuna mwenye haraka bado anamalizia mkia wake baada ya sekunde 30. Ingekuwa chini ya 1.2 ningemshuku mzembe. Dirisha zima, 0.074 kwa 0.066, mara 2 mara 10, ni 22.4. Dirisha la mwisho peke yake, 0.032 kwa 0.030, ni 21.3. Nikaiamini zaidi hii ya 21 kwa sababu mkia wa ketoni hapo umeshapungua. Ila nikiri kitu, mwenye haraka na mzembe wakiwa wengi kwa pamoja wanaweza kusawazishana, mwendo ukaonekana msafi wakati si msafi. Na absobansi ikitikisika kwa 0.001 tu, huo mgawanyo unacheza, so nilirudia mara tatu kabla ya kuongea. Njia ya enzimu ingemaliza ubishi wote, lakini bei ya riajenti zake kwa maabara ya saizi yetu tuache tu.

Nikampigia dokta. "Andika 21, na ukigawanya inakuja kama 35 mg/g, ila dokta usimwambie kijana ana ugonjwa wa figo." Kwanza albumini ya 7.5 iko chini sana, vipimo vingi hapo vinapapasa. Pili mtu akiwa kwenye hali ile ya ketoni, albumini inaweza kupanda kwa muda tu. Nikamwomba mkojo wa asubuhi akishatulia.

Ulikuja baada ya wiki kama tatu, wa njano ya kawaida, stripu haina ketoni. Kinetiki kwenye programu ya mkojo, 1:50, mwendo 1.2 kama standadi, kreatinini 88, albumini 14 mg/L. Hiyo ni 16 mg/g. Kwenye mashine nimebandika karatasi juu ya kitufe cha seramu, imeandikwa kwa kalamu nyekundu MKOJO SIO HAPA, na dogo ameongezea chini yake kwa mwandiko wake mdogo: "na mweupe soma mara tatu".