Kwa nini saa ya GPS iko mbele kwa sekunde 18

Muda wa GPS ni hesabu ya sekunde iliyoanza saa 00:00:00 UTC ya tarehe 6 Januari 1980. Siku hiyo GPS na UTC zililingana. Leo GPS imetangulia kwa sekunde 18 kamili, na si kwa sababu saa za setilaiti ni mbovu.

Zote mbili hutumia sekunde ya saa za atomiki. Ila UTC, ambayo ndiyo msingi wa saa zetu za kila siku, hailazimiki kulingana na atomu peke yake. Hufuata pia mzunguko wa dunia, na dunia haizunguki kwa mwendo ulio sawa. Tofauti ikikaribia sekunde moja, UTC huongezewa sekunde. Tangu 1980 imeongezewa mara 18, mara ya mwisho mwishoni mwa 2016. Afrika Mashariki tayari tulikuwa tarehe 1 Januari 2017, saa nane na dakika 59 usiku, na dakika hiyo ilikuwa na sekunde 61.

GPS haikupokea hata moja kati ya hizo. Kipokezi hupima umbali kwa muda ambao mawimbi yamesafiri, na mawimbi huenda kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Sehemu moja ya mfumo ikiruka sekunde kabla ya nyingine, hesabu yote inaharibika. Ni salama zaidi kuhesabu bila kukatiza.

Basi simu inajuaje saa sahihi? Setilaiti zenyewe hutangaza tofauti hiyo ndani ya ujumbe wao, na kipokezi huitoa. Lakini taarifa hiyo hurudiwa kila baada ya dakika 12 na nusu, kwa hiyo kifaa kilichowashwa bila kumbukumbu yoyote kinaweza kuonyesha saa iliyo mbele, kisha kikarudi nyuma ghafla. Hiyo ni dalili ya kawaida, si hitilafu.

Wanaoumia ni wanaounganisha kumbukumbu mbili. Chukua mpimaji anayepiga picha kwa droni. Kipokezi chake kimeandika 09:15:40 kwa muda wa GPS. Ukiondoa 18 unapata 09:15:22 UTC, yaani saa sita, dakika 15 na sekunde 22 mchana kwetu. Kamera iliyowekwa UTC itaandika 09:15:22. Akizilinganisha bila kuondoa hizo 18, na droni inakwenda mita 15 kwa sekunde, kila picha itawekwa mita 270 mbali na ilipopigwa. Saa ya kamera iliyopotea tu huleta tofauti yoyote, na huendelea kusogea. Ukikuta 18 kamili, safari nzima, tatizo ni UTC iliyochanganywa na GPS. Kwa data za kabla ya 2017 tafuta 17 au pungufu, kwa kuwa kinachotakiwa ni tofauti ya siku picha zilipopigwa.