Riba iliyotajwa na riba inayopatikana

Juzi kwenye mkutano wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Moshi, mama mmoja alisimama akasema tuhamishie fedha kwenye akaunti ya riba ya kila siku, kwa kuwa "itazaa mara thelathini ya ile ya mwezi." Wengi wakaitikia. Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno.

Riba iliyotajwa ni ile asilimia ya mwaka iliyoandikwa kwenye tangazo. Riba inayopatikana ni ongezeko la fedha yako mwaka unapoisha, riba ikiwa imezaa riba. Asilimia iliyotajwa hugawanywa kwa idadi ya vipindi, haizidishwi. Asilimia 12 kwa mwaka ni asilimia 1 kila mwezi, au 12 kugawanya kwa 365 kila siku.

Weka shilingi 1,000,000 usiiguse. Bila riba juu ya riba unapata 120,000. Riba ikizaa riba kila mwezi, hesabu ya mwaka ni (1 + 0.12/12)^12 - 1, nawe unapata 126,825, yaani asilimia 12.68. Ikizaa kila siku, unapata 127,475, yaani asilimia 12.75. Tofauti ya mwezi na siku ni shilingi 650 kwa mwaka mzima. Hata ukikata vipindi kwa saa au kwa dakika, huwezi kufika 127,500. Vipande vinaongezeka, lakini kila kimoja kinakuwa kidogo zaidi.

Kinachoniudhi hasa ni watu kuita hiyo 12.68 "riba halisi". Jina hilo lina mwenyewe: wachumi hulitumia kwa riba baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Bei zikipanda asilimia 3 mwaka huo, riba yako halisi ni kama asilimia 9.4. Ukiyachanganya majina haya utaamini mfumuko wa bei umeshatolewa, kumbe haujaguswa. Neno riba lenyewe lilitoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kukua na kuongezeka. Kwa hiyo swali la kuuliza ni fedha imekua kiasi gani, na baada ya hapo ndipo uulize ile fedha iliyokua inanunua nini.

Kuna jambo jingine alilolisahau yule mama. Akaunti nyingi hukokotoa riba kila siku kwa kufuata salio la siku hiyo, lakini huiingiza kwenye salio mara moja kwa mwezi. Hapo riba haizai riba kila siku. Inasubiri mwisho wa mwezi, na mavuno yako yanabaki karibu na 12.68. Kukokotoa kila siku kunamfaa anayeweka na kutoa katikati ya mwezi, kwa sababu kila siku ya fedha yake inahesabiwa.

Basi mama yangu, ukienda kaunta usiulize tu riba inahesabiwa lini. Uliza inaingizwa lini kwenye salio.