Maziwa hayaponyi, pilipili haitoboi: vidonda vya tumbo na sahani yako

Kuna fundi seremala aliyekuwa akija dirishani kwangu karibu kila wiki kununua diklofenaki za miligramu 50. Mgongo ulimsumbua, na useremala ni kazi ya kuinama. Alikuwa pia na kitu alichokiita vidonda vya tumbo, ingawa hakuwahi kupimwa, na alivichunga kwelikweli. Pilipili alishaiacha, maharage ameacha, machungwa ameacha. Diklofenaki yenyewe aliimeza kwa glasi ya maziwa, na hakuchoka kunieleza sababu: "Ili tumbo lisiliwe, dada."

Siku moja aliinama dirishani akashusha sauti. Alitaka kujua kama maziwa yanaweza kugeuza choo kuwa cheusi.

"Cheusi vipi, fundi?"

"Kama lami. Na kinanata."

Nilimuuliza kama anatumia vidonge vya kuongeza damu, maana madini ya chuma hugeuza choo kuwa cheusi bila ubaya wowote. Hatumii. Basi hiyo ilikuwa damu iliyovuja tumboni ikameng'enywa njiani, na siku hiyo hakuuziwa chochote. Alipandishwa bodaboda kwenda hospitali. Kipimo cha kamera kilionyesha kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba, mahali vinapopenda sana kukaa.

Namsimulia huyu kwa sababu karibu kila kitu alichokuwa akikifanya kwa ajili ya tumbo lake ndicho ambacho wengi wetu tumefundishwa nyumbani.

"Maziwa yanapoza vidonda"

Uongo huu una nusu ya kweli ndani yake, ndiyo maana haufi. Ukinywa maziwa tumbo likiwa linachoma, unapata nafuu, na nafuu hiyo si ya kufikirika. Maziwa yanapunguza makali ya asidi iliyopo kwa muda mfupi. Tatizo linakuja baadaye. Protini na kalsiamu iliyomo kwenye maziwa ni taarifa kwa tumbo kwamba chakula kimefika, nalo linajibu kwa kumwaga asidi nyingine. Tafiti za miaka ya 1970 zilipima jambo hili kwa watu wazima wenye afya na kwa wenye vidonda, na kwa wote asidi ilipanda baada ya maziwa. Ndiyo maana mtu anakunywa saa tatu usiku akalala vizuri, kisha saa nane anaamka tumbo linawaka, anakwenda tena kuyatafuta.

Wala si wazo la bibi zetu peke yao. Mwaka 1915 daktari mmoja wa Chikago, Bertram Sippy, aliweka matibabu ya vidonda ambapo mgonjwa alipewa maziwa na krimu kila saa, na hospitali za nchi nyingi ziliufuata mtindo huo kwa miongo kadhaa. Ushauri wa "kunywa maziwa, kula laini" unaousikia kwa shangazi yako ulianzia hospitali kabla ya kufika jikoni.

Jaribio ninalolipenda lilifanyika India na kuchapishwa mwaka 1986. Wagonjwa wenye vidonda vya mwanzo wa utumbo walipewa dawa ileile ya kupunguza asidi. Wengine wakala chakula chao cha kawaida, wengine wakawekwa kwenye maziwa. Baada ya wiki nne, waliopona walikuwa wachache zaidi upande wa maziwa. Haimaanishi maziwa ni sumu. Ukiyapenda, kunywa kama chakula, weka kwenye chai. Usiyape tu kazi ya dawa.

Na ile ya kumeza diklofenaki kwa maziwa? Hapa ndipo fundi wetu alipoumia zaidi. Watu wengi wanadhani dawa hizi, yaani diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, zinachubua tumbo kwa kuligusa, hivyo ukilitandikia maziwa au ugali unakuwa salama. Kuligusa kunachangia kidogo. Madhara makubwa yanapitia kwenye damu: dawa inazuia mwili kutengeneza kemikali zinazoleta maumivu ya mgongo, na kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazolifanya tumbo litoe ute wake wa kujikinga na kupata damu ya kutosha. Ute ukipungua, asidi ya kawaida kabisa inaanza kula ukuta. Kwa hiyo hata sindano ya diklofenaki, ambayo haipiti tumboni, inaweza kuleta kidonda. Chakula kinapunguza kichefuchefu na kule kuchomachoma, basi. Kwa fundi, maziwa yalikuwa yanaficha maumivu ambayo yangemtahadharisha mapema.

"Pilipili inatoboa tumbo"

Pilipili inachoma, hilo halina ubishi, na ukiwa tayari na kidonda inaweza kukuumiza vibaya. Lakini kuuma na kuchubua ni vitu viwili. Kinachowasha ndani ya pilipili, kapsaisini, kinagusa mishipa ya fahamu ileile inayotambua joto kali. Ubongo unapokea habari kwamba kuna moto, ilhali hapajaungua kitu. Ulimi wako unalijua hilo: unawaka dakika kumi baada ya pilipili mbuzi, lakini kesho yake huuoni na lengelenge.

India tena, mwaka 1984, wagonjwa wa vidonda waliotibiwa waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliongezewa gramu 3 za pilipili nyekundu ya unga kila siku kwa wiki nne. Vidonda vilipona sawasawa pande zote mbili. Miaka michache baadaye, Marekani, madaktari walichungulia kwa kamera matumbo ya watu waliokula chakula chenye pilipili nyingi na hawakukuta michubuko waliyoitarajia.

Maharage nayo yanasingiziwa. Gesi yake inatengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wakichachusha sukari ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, mbali sana na kidonda kilipo. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya, gesi itapungua.

Kinacholeta vidonda chenyewe

Ukiondoa dawa za maumivu, mkosaji mkuu ni bakteria anayeandikwa *H. pylori* kwenye karatasi za maabara. Zamani ilisadikiwa kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuishi kwenye asidi ya tumbo. Mwaka 1982, kule Pethi, Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wakijaribu kumwotesha bila mafanikio, mpaka sikukuu ya Pasaka ilipofanya vyombo vyao visahaulike maabara kwa siku kadhaa zaidi ya kawaida. Waliporudi, ameota. Wenzao hawakushawishika, na mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wa bakteria hao yeye mwenyewe, akaugua uvimbe wa ukuta wa tumbo ndani ya siku chache. Hakupata kidonda, jambo ambalo masimulizi mengi hulikosea, lakini alionyesha kwamba bakteria huyu anaweza kulifanya tumbo lenye afya liugue. Tuzo ya Nobeli ilikuja mwaka 2005.

Huku kwetu sehemu kubwa ya watu wazima wanaye, wengi walimpata utotoni, na wengi wao hawatapata kidonda maisha yao yote. Ndiyo maana karatasi iliyoandikwa "positive" haitoshi kusema una vidonda. Na kipimo kile cha haraka cha tone la damu kina kasoro kubwa zaidi: kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria, na kinga hiyo inaweza kubaki kwa miaka baada ya bakteria kufa.

Fundi alipewa dawa za siku 14: omeprazoli ya kupunguza asidi pamoja na antibiotiki mbili, amoksisilini na klarithromisini. Diklofenaki ilikatwa, akapewa parasetamoli. (Mwenye aspirini ya moyo asiikate mwenyewe kwa kusoma haya; aende kwa daktari wake aongezewe kinga ya tumbo.) Miezi mitatu baadaye alirudi amenuna. Alikuwa amepima damu mahali, ikasoma bakteria yupo, naye anataka kununua dozi ya pili. Nilimsihi apime choo. Kipimo cha choo kinamtafuta bakteria mwenyewe, ila lazima ziwe zimepita angalau wiki nne tangu umalize antibiotiki na wiki mbili bila omeprazoli, la sivyo kinaweza kudanganya kwamba hayupo. Fundi alikuwa ametimiza zote mbili. Majibu: hayupo. Ile dozi ya pili ingekuwa antibiotiki za bure.

Basi ale nini?

Chakula chake. Hakuna mlo laini uliothibitika kuharakisha kupona, wala kula kidogokidogo mara sita kwa siku hakuna faida iliyoonekana. Kila mlo huamsha asidi. Kinachokuumiza wewe kiache wakati kidonda kibichi, kisha kijaribu tena ukishapona, badala ya kukifungia maisha.

Sigara ndiyo ya kuacha hasa, kwa sababu inachelewesha kidonda kupona. Pombe kali iache walau mpaka umalize matibabu. Kahawa inaongeza asidi, na inaweza kukuchoma, lakini haijaonekana kuzaa vidonda. Ushauri wa kutokula usiku sana una msingi, ila ni wa kiungulia, asidi inapopanda kooni ukilala; huo ni ugonjwa mwingine ambao watu wengi wanauita vidonda. Kwa kiungulia, maliza kula saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Saa ya chakula yenye uzito kwa mwenye vidonda ni ya dawa. Omeprazoli inamezwa kama nusu saa kabla ya kula, kwa kawaida asubuhi, kwa sababu inafunga mitambo ya asidi inapoanza kuwashwa na chakula. Wengi wanaimeza usiku tumbo linapouma, halafu wanasema haifanyi kazi.

Aliyevuja damu ana jambo moja la ziada la kula: madini ya chuma. Maini, nyama, dagaa, na mboga za majani zikamuliwe ndimu au zifuatwe na chungwa, maana vitamini C inasaidia chuma cha kwenye mboga kuingia mwilini. Chai isogezwe mbali na mlo, kwani inazuia chuma hicho. Nilipomweleza fundi kuhusu machungwa alinikodolea macho. Miaka minne alikuwa hajayagusa.

Sasa anakuja mara mojamoja kwa parasetamoli. Amepandisha meza yake ya kazi juu kwa matofali mawili ili asiiname sana, na kwenye mfuko wa shati, zilipokuwa zikikaa diklofenaki, mara ya mwisho niliona pilipili kichaa mbili, za mchana.