Kunukuu tamthilia kwenye insha: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nambari ya mstari ni ileile katika kila kitabu.

Tuchukue Julius Caesar ya Shakespeare, tendo la 3, onyesho la 2, pale Antoni anapoanza hotuba yake ya mazishi. Anayesoma toleo la Riverside ataandika 3.2.73. Mwenzake mwenye toleo la Folger ataandika 3.2.82. Wote wawili wako sahihi.

Chanzo cha tofauti hiyo kimo humo humo kwenye onyesho. Kabla ya Antoni, Brutus amehutubia umati kwa nathari. Mstari wa ushairi huishia pale mtunzi alipoukata, kwa hiyo hauongezeki wala kupungua. Mstari wa nathari huishia pale upana wa ukurasa unapoishia. Kitabu chenye safu nyembamba kitahesabu mistari mingi zaidi kwa maneno yaleyale, na Antoni anaposimama hesabu imekwisha kuachana.

Ndiyo maana mwandishi makini hutaja toleo analotumia mara ya kwanza anaponukuu, kisha habanduki hapo. Kosa ninalolikuta sana ni mwanafunzi kusoma kitabu kimoja na kuokota nambari mtandaoni kutoka toleo lingine. Msahihishaji akifungua kitabu, mstari haupo. Vivyo hivyo kwa tafsiri: ukinukuu Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, usibandike nambari za Kiingereza. Taja tendo, onyesho na ukurasa wa kitabu ulichoshika. Tamthilia za nathari zisizo na nambari za mistari nazo hutajwa hivyohivyo.

Dhana: Kila mstari unaonukuliwa hutengwa kwa mkwaju (/).

Mkwaju ni wa ushairi tu. Ukinukuu mistari miwili au mitatu ya Antoni ndani ya sentensi yako, weka mkwaju kila mstari unapokatika, ukiacha nafasi pande zote mbili. Ukimnukuu Brutus kutoka hotuba yake ya mazishi, usiweke hata mmoja, kwa sababu hapo kinachokatika ni karatasi tu. Anayeweka mkwaju kwa Brutus anamwonyesha msomaji kwamba hajagundua kuwa wawili hao wanahutubia kwa mitindo tofauti, na tofauti hiyo yenyewe ni hoja nzuri ya insha.

Utajuaje? Tazama ukurasani. Mistari ya ushairi kwa kawaida huanza kwa herufi kubwa na kuacha ukingo wa kulia usio sawa. Nathari hujaza mstari.

Dhana: Mazungumzo mafupi ya wahusika wawili yanaingia tu ndani ya aya.

Kwa mtindo wa MLA, wakizungumza wahusika wawili au zaidi, nukuu hutengwa na aya hata ikiwa na mistari miwili. Jina la mhusika huandikwa kwa herufi kubwa likifuatwa na nukta, na alama za kunukuu huachwa. Kifo cha Kaizari kingekaa hivi (Kiswahili ni changu, kuonyesha umbo tu; nambari ni za Riverside):

> KASKA. Mikono, nisemee!
> *Wanamchoma Kaizari.*
> KAIZARI. Et tu, Brute? Basi anguka, Kaizari.
> *Anakufa.* (3.1.76–77)

Angalia mabano ya mwisho: yamekuja baada ya kila kitu, bila nukta nyuma yake. Nukuu ikiwa ndani ya sentensi yako mambo hugeuka: unafunga alama za kunukuu, unaweka mabano, ndipo nukta.

Dhana: Maelekezo ya jukwaani hayana mstari, kwa hiyo hayatajwi.

Kweli, matoleo mengi hayayahesabu. Lakini yana mahali pake, na mahali hapo ndipo panapotajwa kwa mstari ulioyatangulia. Kuchomwa kwa Kaizari ni maelekezo yaliyo baada ya 3.1.76, nawe unaweza kuandika hivyo hivyo ndani ya mabano.

Jambo zito zaidi ni nani aliyeyaandika. Chapa ya kwanza ya tamthilia hii, ya mwaka 1623, ina maelekezo mafupi tu hapo: wanamchoma Kaizari, kisha anakufa. Maelezo kwamba Kaska anaanza na wengine wanafuata yaliongezwa na wahariri wa baadaye, na matoleo mazuri huyafungia kwenye mabano ya mraba ili yajulikane. Hata mgawanyo wa maonyesho ni wao: chapa ya 1623 inaitenga tamthilia hii kwa matendo tu. Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba Shakespeare anamwelekeza mwigizaji afanye jambo fulani, angalia mabano hayo, na usome dibaji ya mhariri inasema yana maana gani katika kitabu chako. Ukiyakuta, sema ni mhariri anayeelekeza.