Kwa nini barua pepe moja ikiburutwa huwa .msg kwa huyu na .eml kwa yule?

Nikiburuta barua pepe kutoka Outlook na kuiachia kwenye deskitopu, napata faili la .msg. Mwenzangu anatumia Thunderbird, naye anapata .eml. Kwa nini hayafanani, na lipi ndilo la kutunza?

Deskitopu haina neno katika jambo hili. Ukiinua kidole kutoka kwenye kitufe cha mausi, Windows huiuliza programu ulikoitoa barua: nipe jina la faili na yaliyomo. Kabla ya hapo faili lenyewe halikuwepo popote kwenye diski. Programu hulitengeneza papo hapo, na hulitengeneza kwa namna ambayo yenyewe imezoea kutunza barua. Tofauti ya .msg na .eml imeanzia humo.

Thunderbird kwa kawaida hutunza kila folda la barua katika faili moja refu la maandishi, barua moja ikifuata nyingine, kila moja karibu sawasawa na ilivyopokelewa kutoka kwenye seva. Ukiburuta barua, Thunderbird hukata kipande chake tu na kukupa. Hicho ndicho .eml. Programu ya Mail ya Apple nayo hutoa .eml, na vivyo hivyo Outlook mpya ya Windows. Kwa hiyo hata wewe ukihamia Outlook mpya, mkono uleule na barua ileile vitakuletea faili la aina nyingine.

Outlook ya zamani, ile inayosakinishwa pamoja na Word na Excel, haitunzi barua kama maandishi. Barua ikifika huvunjwavunjwa: mtumaji huwekwa pake, mada pake, mwili pake, viambatisho pake, pamoja na mambo ambayo barua ya kawaida ya intaneti haina nafasi nayo, kama bendera ya kufuatilia na rangi ya kundi ulilolipa. Ukiiburuta nje, Outlook hufungasha vipande hivyo vyote katika .msg. Ni mfumo wa Microsoft wenyewe, na ndani yake umepangwa kwa njia ileile ya mafaili ya zamani ya .doc na .xls. Baiti nne za mwanzo ni D0 CF 11 E0 kwa yote matatu.

Kuyatofautisha ni rahisi hata kama Windows imeficha herufi za mwisho wa jina. Lifungue faili kwa Notepad. Likiwa .eml utasoma kitu kama hiki:

```
From: mhasibu@example.com
To: ununuzi@example.com
Subject: Ankara 14/2024
Date: Tue, 5 Mar 2024 09:12:40 +0300
Content-Type: multipart/mixed; boundary="abc123"
```

Likiwa .msg utaona alama zisizosomeka, na katikati yake vipande vya maneno vyenye nafasi kati ya herufi na herufi.

Tuifuate ankara hiyo hadi mwisho. Tuseme imekuja na PDF ya megabaiti 3. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi tu, kwa hiyo kila kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kwa njia iitwayo base64, ambayo huandika kila baiti tatu kwa herufi nne. Ukiiburuta barua nzima kutoka Thunderbird, .eml yako itazidi megabaiti 4 kidogo, na PDF yote imo humo ndani kama ukuta mrefu wa herufi. Ukiburuta kiambatisho peke yake, programu huzirudisha herufi hizo kuwa baiti za asili, na unapata PDF ya megabaiti 3, ileile aliyoituma mhasibu. Lakini PDF hiyo sasa imeachana na barua. Haisemi nani aliituma, lini, wala aliandika nini juu yake. Ndiyo maana kwa jambo lolote linalohusu fedha au makubaliano mimi huburuta barua nzima kwanza, kisha kiambatisho kama nitakihitaji kazini.

Kukiburuta kiambatisho kuna faida nyingine. Ukikifungua moja kwa moja ndani ya barua, mara nyingi unafungua nakala iliyowekwa katika folda la muda lililofichika. Ukihariri jedwali la Excel hapo kwa saa mbili na kubonyeza hifadhi, kazi hubaki kwenye folda hilo, na barua huendelea kubeba jedwali la zamani. Kiburute kwanza, kisha uhariri kilichoko kwenye deskitopu.

Sasa lipi la kutunza? Kwa kumbukumbu za miaka mingi nachagua .eml bila kusita. Ni maandishi yanayofuata kanuni ya wazi ya intaneti ambayo misingi yake iliandikwa mwaka 1982, na hufunguka kwenye Thunderbird, kwenye Mail ya Apple na hata kwenye Outlook ya zamani. Faili la .msg linataka Outlook. Thunderbird peke yake hailifungui. Hata hivyo, kama ofisi yenu yote inatumia Outlook na mnahitaji zile bendera na makundi, .msg ndiyo itakayoyabeba.

Kuna tofauti nyingine nzito, nayo ni ya ushahidi. Juu ya mwili wa .eml kuna mistari ya `Received`, inayoonyesha kila seva iliyopokea barua, na mara nyingi mstari wa `DKIM-Signature`, ambao ni sahihi ya kielektroniki ya kikoa cha mtumaji. Sahihi hiyo hukaguliwa dhidi ya maandishi ya barua yalivyo, herufi kwa herufi. Faili la .msg linaweza kuitunza mistari hiyo, lakini mwili umekwisha kuvunjwa na kupangwa upya, kwa hiyo huwezi kutegemea kwamba sahihi itakubali ikikaguliwa tena. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 huitaka mahakama, inapopima ushahidi wa aina hii, itazame jinsi ulivyotunzwa na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Kumtumia mwanasheria barua kwa kuisambaza tu hakumpi mistari hiyo: anapokea barua mpya iliyotoka kwako. Mwambatishie .eml yenyewe.

Mtego mkubwa uko kwenye kivinjari. Katika Gmail, kuburuta barua kutoka kwenye orodha kunakusudiwa kuihamishia kwenye lebo, si kuitoa nje. Humo fungua barua, bonyeza vitone vitatu, chagua Download message, nawe utapata .eml. Mtu akiburuta anwani ya ukurasa badala yake, Windows humwekea .url, ambayo ni njia ya mkato tu. Ina jina zuri na inafunguka vizuri leo, ila ndani yake hamna barua. Itazame ukubwa: njia ya mkato haifiki hata kilobaiti moja. Au zima intaneti kisha ulifungue faili; barua iliyotunzwa kweli itasomeka.

Jina la faili nalo hutoka kwenye mada ya barua, na Windows hairuhusu mkwaju wala nukta pacha katika majina. «Ankara 14/2024» itapoteza mkwaju wake, na majibu matano yenye mada moja yatakuja na majina yanayokaribia kufanana. Mimi hubadilisha jina hapohapo na kuanza na tarehe, 2024-03-05, nikiinakili kutoka ndani ya barua, kwa sababu tarehe ambayo Windows inaonyesha kando ya faili inaweza kuwa ya siku uliyoliburuta.