Mabondo si mabaki: kugawa gharama ya sangara kwenye mfumo wa ERP

Kila hesabu za mwaka zinapokaribia kufungwa, ofisi yetu ya kodi hapa Mwanza hupokea lalamiko lile lile kutoka viwanda vya samaki. Mkaguzi ameongeza thamani ya mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, yaliyobaki stoo, faida imepanda na kodi imepanda nayo. Mlalamikaji huja na hoja moja: "Sisi tunanunua sangara kwa ajili ya minofu. Bondo linatoka lenyewe." Ni kweli linatoka lenyewe. Minofu nayo inatoka kwenye samaki huyo huyo, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ilipatikana bure.

Tuchukue shehena moja. Bei nitakazotaja ni za kufundishia, msije kaunta kudai tumepanga bei ya soko. Kiwanda kimepokea kilo 10,000 za sangara wazima kwa shilingi 7,000 kwa kilo, yaani milioni 70. Vibarua, barafu, maji na umeme hadi samaki anapopasuliwa vimegharimu milioni 8. Jumla ni milioni 78. Mezani zimetoka kilo 4,000 za minofu, kilo 150 za mabondo mabichi na kilo 5,000 za mapanki, vichwa na ngozi. Kilo 850 zilizobaki ni utumbo, magamba, damu na maji.

Sasa tuangalie thamani, baada ya kutoa gharama zinazokuja baada ya kupasua, kama kugandisha minofu au kukausha bondo. Minofu kwa shilingi 18,000 ni milioni 72. Mabondo kwa 120,000 ni milioni 18. Mapanki na wenzake kwa 600 ni milioni 3. Kitu chenye thamani ya milioni 18 katika shehena ya milioni 93 hakiwezi kuitwa mabaki. Ni bidhaa pacha ya minofu. Mapanki ndiyo mabaki yanayouzika: yana mnunuzi, lakini hakuna anayewasha mitambo kwa ajili yake.

Kiwango cha uhasibu IAS 2 kinaruhusu mabaki yenye thamani ndogo yapimwe kwa thamani halisi ya kuuzika, kisha kiasi hicho kikatwe kwenye gharama ya bidhaa kuu. Tukitoa milioni 3 kwenye 78 inabaki 75. Hiyo inagawanywa kwa bidhaa pacha kwa uwiano wa thamani yao ya mauzo, 72 kwa 18, yaani asilimia 80 kwa 20. Minofu inabeba milioni 60, sawa na shilingi 15,000 kwa kilo. Mabondo yanabeba milioni 15, sawa na 100,000 kwa kilo. Ukigawa kwa uzito badala ya thamani, bondo litabeba chini ya asilimia 4, na utakuwa umerudi kwenye hoja ya "linatoka lenyewe" kwa mlango wa nyuma.

Angalia kinachotokea mabondo yakiwekwa sifuri. Milioni 75 zote zinaangukia minofu, kilo inagharimu 18,750, wakati bei yake ni 18,000. Meneja anaona anapata hasara kwenye kila kilo ya minofu na anaanza kuwabana wavuvi bei, huku mabondo yakionekana kuleta faida ya ajabu. Kisha mwaka unaisha. Minofu yote imeuzwa na mabondo kilo 50 yameuzwa, lakini kilo 100 ziko stoo zikingoja bei. Gharama sahihi ya mauzo ilikuwa 60 jumlisha 5, yaani milioni 65. Kiwanda kimeandika 75. Faida imepungua kwa milioni 10, na kwa kiwango cha kodi ya kampuni cha asilimia 30, kodi imepungua kwa milioni 3.

Hapo huambiwa, "Si tutalipa mwakani tukiyauza?" Mtalipa, ndiyo, lakini kodi ina mwaka wake na riba haisubiri bondo likauke.

Kwenye mfumo, kosa hili kwa kawaida halifanywi na mtu, linaachwa tu. Katika Odoo, kwa mfano, mabondo na mapanki huingizwa kwenye fomula ya uzalishaji chini ya `By-products`, na kila moja ina sehemu ya `Cost Share (%)`. Usipoijaza ni sifuri, na mfumo hautalalamika. Kuna mtego wa pili hapo. Wengi wakishaelewa hesabu ya juu huandika 20 kwa mabondo. Lakini mfumo unagawa milioni 78 nzima, haujui kwamba mapanki yametolewa kwanza. Asilimia sahihi ni hizi:

```
mabondo  15/78 = 19.23
mapanki   3/78 =  3.85
minofu   60/78 = 76.92 (inabaki yenyewe)
```

Asilimia hizo hufanya kazi ikiwa bidhaa zinathaminiwa kwa `FIFO` au `Average Cost`. Zikiwa kwenye `Standard Price`, bondo litaingia kwa bei iliyoandikwa kwenye kadi yake, hata kama ni ya miaka mitatu iliyopita. Na bei ya bondo hupanda na kushuka zaidi kuliko ya minofu, kwa hiyo asilimia zipitiwe kila robo mwaka, na karatasi ya hesabu iliyozizaa ihifadhiwe.

Sasa upotevu. Zile kilo 850 ni za kawaida. Gharama yake imeshabebwa na kilo zilizotoka, na hakuna cha kuandika zaidi. Lakini tuseme umeme ulikatika, barafu ikaisha, na kilo 400 za minofu zikakataliwa na mtu wa ubora. Zimebaki 3,600. Mfumo ukiachwa utagawa milioni 60 kwa 3,600 na kila kilo itapanda hadi takriban 16,667, hasara ikijificha ndani ya samaki mzuri. IAS 2 inataka upotevu usio wa kawaida uwe gharama ya kipindi hicho: kilo 400 kwa 15,000, milioni 6, kwenye akaunti yake. Minofu mizuri inabaki 15,000. Tukikuta akaunti hiyo tutaomba ripoti ya ubora, karatasi ya mizani na hati ya uteketezaji. Bila hizo tatu, milioni 6 zinaweza kukataliwa.

Jambo tunalolipima sisi kabla ya yote ni kilo za mabondo kwa kila tani ya sangara, shehena kwa shehena. Hapa ni 15. Viwanda vinavyoacha mfumo ujaze mavuno kutoka kwenye fomula, bila mizani, huonyesha 15 kila siku ya Mungu, samaki wawe wakubwa au wadogo. Hilo hutuambia kwamba hakuna aliyepima. Kiwanda kinachopima kikiona 15 ikiwa 11 kwa zamu moja tu ya usiku, hakihitaji mkaguzi wa kodi. Kiangalie mifuko getini.

Kumbukumbu zote hizi, pamoja na historia ya mabadiliko ya asilimia ndani ya mfumo, zitunzwe kwa miaka 5. Asiyekubali makadirio ana siku 30 tangu kupokea uamuzi kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, akieleza sababu. Alipe pia kiasi asichobishania au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kipi ni kikubwa, isipokuwa amekubaliwa maombi ya kupunguziwa au kusamehewa malipo hayo. Aambatishe hesabu ya mgawanyo ya shehena zinazobishaniwa, ikionyesha kilo na bei zilizotumika. Barua inayosema tu kwamba bondo linatoka lenyewe tunayo tayari, nakala nyingi.