Himoglobini 9.8 kisha 104: damu haijaongezeka mara kumi, kizio ndicho kilichobadilika

Nilipoanza kliniki nikiwa na ujauzito wa wiki 14, himoglobini yangu ilikuwa 9.8. Wiki 20 nimepima maabara nyingine, wameandika 104. Damu imeongezeka mara kumi, au wamekosea?

Hawajakosea, na damu haijaongezeka mara kumi. Tazama maandishi madogo baada ya kila namba. Kwenye karatasi ya kwanza utakuta `g/dL`, yaani gramu kwa desilita. Kwenye ya pili kuna `g/L`, gramu kwa lita. Hivyo ni vizio viwili vya kupimia kitu kilekile, na kabla ya kulinganisha majibu lazima uyaweke kwenye kizio kimoja.

Kutoka `g/dL` kwenda `g/L` unazidisha kwa 10. Kurudi nyuma, unagawanya kwa 10. Kwa hiyo 9.8 ya mwanzo ni 98 kwa kizio kipya, na 104 ya sasa ni 10.4 kwa kizio cha zamani. Umetoka 98 hadi 104, ongezeko la gramu 6 kwa lita. Ni ongezeko dogo, lakini katika umri huu wa mimba maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, hivyo himoglobini ya wanawake wengi hushuka. Kupanda hata kidogo wakati huo kunapendeza. Hata hivyo sitaki uishike 6 hiyo kama namba ya uhakika, kwa kuwa mashine mbili tofauti zinaweza kupishana gramu chache kwa damu ya mtu yuleyule. Ikiwezekana, kipimo kijacho fanya kwenye maabara ileile ya pili.

Kwa nini ni kumi? Nilidhani ni mia, kwa kuwa mtu wa maabara alitaja mililita mia.

Alikuwa sahihi, ila alikuwa anaeleza ukubwa wa desilita. Desilita moja ni mililita 100, na lita moja ni mililita 1000, kwa hiyo ndani ya lita mna desilita kumi. Chukua chombo kidogo cha mililita 100 kilichojaa damu yako ya wiki 14: ndani yake mna gramu 9.8 za himoglobini. Jaza vyombo kumi vya namna hiyo upate lita, na himoglobini yote pamoja itakuwa gramu 98. Wingi wa himoglobini ndani ya damu haukuguswa. Kilichokua ni chombo tulichokichagua kupimia.

Picha hiyo inasaidia pia kugundua kosa la kweli. Mililita 100 za damu nzima zina uzito wa gramu 106 hivi, maji yake na kila kitu. Ukikuta karatasi imeandikwa 104 `g/dL`, inadai kwamba karibu damu yote ni himoglobini tupu, jambo lisilowezekana. Ama nukta ya desimali imeanguka na ilipaswa kuwa 10.4, ama kizio kimenakiliwa vibaya. Kinyume chake, 10.4 `g/L` ni sawa na 1.04 kwa desilita, na mtu anayetembea mwenyewe hadi maabara hawi na kiwango hicho. Rudisha karatasi wairekebishe, usiibadilishe mwenyewe kwa kalamu. Nimeona mara nyingi makosa haya yakizaliwa wakati wa kunakili kwa mkono kutoka kwenye mashine kwenda kwenye kadi ya kliniki.

Pembeni ya 104 kuna herufi L peke yake, halafu mabano yenye 120–150. Hiyo L ni lita?

Hapana. L iliyosimama peke yake ni alama ya mashine kwamba jibu liko chini ya mipaka iliyowekewa. Lita ni ile iliyo ndani ya `g/L`. Zinafanana na zimekaa jirani, ndiyo maana watu wengi huzichanganya.

Namba za kwenye mabano ndizo mipaka yenyewe, na ziko kwenye kizio cha karatasi hiyohiyo. Usichukue mabano ya karatasi moja ukapimia namba ya karatasi nyingine bila kubadili kwanza, maana 9.8 mbele ya 120 itakuogopesha bure. Lakini kuna jambo kubwa zaidi: 120–150 ni mipaka ya mwanamke asiye mjamzito. Mashine huenda haikuambiwa kuwa una mimba. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 110 `g/L` katika miezi mitatu ya kwanza, chini ya 105 katika miezi mitatu ya pili, na chini ya 110 tena katika ile ya mwisho. Wewe uko kipindi cha pili, kwa hiyo 104 imepungukiwa na 1 tu kufika mpaka wako, si na 16 kama karatasi inavyoonyesha. Upungufu bado upo, na vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa usiviache. Upungufu mkali kwa mjamzito huanzia chini ya 70, yaani chini ya 7.0 kwa desilita. Ukiishiwa pumzi ukiwa umekaa tu, moyo ukienda mbio au ukizimia, nenda hospitali siku hiyohiyo, namba iwe imesema nini.

Nizidishe kwa kumi namba zote za karatasi ya kwanza ili zifanane na ya pili?

Usifanye hivyo. Zidisha zile tu zilizoandikwa `g/dL`. Kwenye kipimo cha damu kamili mara nyingi ni mbili: himoglobini yenyewe, `HGB` au `Hb`, na `MCHC`, yaani ukolezi wa himoglobini ndani ya chembe nyekundu. `MCH`, uzito wa himoglobini katika chembe nyekundu moja, hupimwa kwa `pg`, yaani pikogramu, na haibadiliki. `HCT`, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ina njia yake: maabara moja itaandika asilimia 32, nyingine 0.32, na hapo tofauti ni mara mia.

Hiyo `HCT` ni shahidi mzuri. Himoglobini kwa `g/dL` ukiizidisha kwa 3 hukaribia asilimia ya `HCT`. Yako, 10.4 mara 3, ni 31.2, na karatasi inasema 32. Zinaelewana, kwa hiyo tafsiri ya 104 kuwa 10.4 ni sahihi.

Dada yangu aliye nchi nyingine, ambaye hana mimba, ameandikiwa 7.5. Kwa hesabu yako ni 75, si ni hatari?

Muulize kizio kabla hujamtisha. Namba za `g/dL` na `g/L` ziko mbali kiasi kwamba ni vigumu kuzichanganya. Lakini kuna nchi zinazotumia `mmol/L`, yaani milimoli kwa lita, na namba zake huangukia palepale panapoangukia `g/dL`. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, na kumi haifanyi kazi hapo. Unazidisha kwa 1.61 kupata `g/dL`. Ikiwa yake ni 7.5 `mmol/L`, inakuwa 12.1 `g/dL`, au 121 `g/L`, juu kidogo ya mpaka wa 120 wa mwanamke asiye mjamzito. Ikiwa kweli ni 7.5 `g/dL`, basi ni 75 `g/L`, chini ya 80 ambapo upungufu mkali huanzia kwa mtu kama yeye, na amwone daktari leo.